Saa janja inasema oksijeni yako ni 86 asubuhi ya baridi Songea: Uiamini au uipuuze?

Tuchukue mfano wa dada mmoja wa Songea. Ni Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ukungu bado umefunika milima ya Matogoro. Ametoka Mjimwema kwa bodaboda bila glovu, ameshuka mjini, vidole vimekufa ganzi. Anabonyeza saa yake janja mkononi kwa mazoea tu, na kioo kinamwambia `SpO2` 86%.

Hakohoi, hana homa, ametembea kutoka kituoni bila kuhema. Lakini amewahi kusikia kwamba mtu mwenye oksijeni chini ya 90 anatakiwa awe hospitali. Akimbilie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au aingie kazini anywe chai?

Kwa hali yake, ajipe kwanza dakika kumi za kupasha mikono joto. Ila kabla hajazoea kuipuuza saa yake, kuna upande wa pili wa habari hii. Saa hiyohiyo inaweza kumwonyesha baba yake mgonjwa namba nzuri kuliko ukweli. Baridi na ngozi nyeusi vyote vinaichanganya saa, lakini kwa kawaida kila kimoja kinaivuta upande wake.

Saa inaonaje oksijeni bila kutoa damu?

Geuza saa uone mgongo wake. Kama kweli inapima oksijeni, ina taa nyekundu na taa nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho, unaoitwa infraredi. Taa ya kijani peke yake ni ya mapigo ya moyo.

Damu yenye oksijeni ya kutosha ni nyekundu ya kung'aa, na iliyopungukiwa huwa nyekundu ya giza. Damu ya giza humeza zaidi mwanga mwekundu, wakati damu yenye oksijeni humeza zaidi infraredi. Saa inamulika ngozi kwa taa zote mbili na kuangalia mwanga kiasi gani umerudi kutoka kila moja.

Tatizo ni kwamba mwanga huo haumezwi na damu peke yake. Ngozi, mafuta na mifupa navyo vinameza. Mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi ndiye aliyepata njia ya kulitatua hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yeye alichukua ile sehemu ya mwanga inayopandashuka na mapigo ya moyo. Mfupa haudundi, mafuta hayadundi. Kinachodunda ni damu inayoingia kutoka moyoni, na hiyo ndiyo tunayotaka kuijua.

Kwa hiyo saa inalinganisha mdundo wa mwanga mwekundu na mdundo wa infraredi. Uwiano wao tuuite R. Kanuni ya kukadiria, inayofundishwa sana ingawa kila kampuni ina jedwali lake, ni hii:

```
SpO2 = 110 − 25 × R
```

Kama mdundo wa mwekundu ni 6 na wa infraredi ni 10, R ni 0.6. Zidisha kwa 25 unapata 15, toa kwenye 110, inabaki 95. Kwa mtu mzima wa Songea hiyo ni namba nzuri kabisa. Mji huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo usishangae ukiwa na asilimia moja au mbili pungufu ya ndugu yako aliyeko Dar es Salaam.

Baridi inafanya nini

Mwili ukipigwa na baridi unalinda joto la ndani. Mishipa midogo ya mikono inasinyaa, damu kidogo inafika kwenye ngozi, na mdundo unakuwa hafifu. Ndiyo maana vidole vinapauka na kufa ganzi.

Turudi kwa dada yetu. Mapafu yake hayajabadilika, lakini mdundo umeshuka hadi sehemu moja ya kumi: mwekundu 0.6, infraredi 1. Uwiano bado ni 0.6, kwa hiyo jibu lingetakiwa kubaki 95. Ila anatetemeka, na mkanda wa saa umelegea kidogo. Mtetemo huo unaingia kwenye taa zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana. Tuseme unaongeza 5 kila upande. Sasa mwekundu ni 5.6, infraredi ni 6, R inakuwa kama 0.93, na saa inaandika takribani 87.

Yaani mkono wenye joto ungemezea mtetemo uleule bila shida kubwa, kwa sababu mdundo wenyewe ungekuwa na nguvu. Kwenye mkono wa baridi, mtetemo ndio umekuwa habari yote. Tena kadiri fujo inavyozidi mdundo, R inasogea kwenye 1, na ukiweka 1 kwenye kanuni unapata 85. Ndiyo maana watu wanaotumia vifaa hivi kila siku hushtukia namba zinazoganda karibu na 85. Zinaweza kuwa za kweli, lakini pia ndipo kifaa huangukia kinaposhindwa kusoma.

Saa nzuri mara nyingi inakataa kutoa jibu katika hali hii na kukuambia ujaribu tena. Inaudhi, lakini huo ni uaminifu. Wa kumtilia shaka ni yule asiyeshindwa kamwe.

Mkono una ugumu mwingine ambao kidole hakina. Kifaa cha hospitali kinachobana kidole kinapitisha mwanga upande huu na kuupokea upande wa pili, kwenye ncha iliyojaa mishipa midogo ya damu. Saa haiwezi kupitisha mwanga katikati ya mifupa ya mkono. Inamulika na kusubiri mwanga urudi upande uleule, na mishipa midogo ya ngozi ya hapo ni michache. Hivyo saa huanza na mdundo dhaifu hata siku ya joto.

Ngozi nyeusi: kosa linaloficha ugonjwa

Rangi nyeusi ya ngozi inatokana na melanini. Melanini inameza mwanga, na inameza mwekundu zaidi kuliko infraredi. Kwa nadharia ya Aoyagi hili lisingekuwa tatizo, kwa sababu melanini haidundi na ingejifuta kwenye hesabu. Kwa vitendo haijifuti yote. Taa ya saa haitoi rangi moja safi bali mchanganyiko wa rangi zinazokaribiana, na melanini inakata baadhi zaidi ya nyingine. Pia mwanga unaorudi ni mdogo, hivyo fujo inapata nafasi.

Shida nyingine iko kiwandani. Jedwali la kubadilisha R kuwa asilimia linatengenezwa kwa watu wazima wenye afya, wanaojitolea kupumua hewa yenye oksijeni kidogo huku damu yao ikipimwa maabara. Kwa miaka mingi wengi wa watu hao walikuwa na ngozi nyeupe. Mwongozo wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani wa mwaka 2013 ulitaka angalau watu wawili wenye ngozi nyeusi sana, au asilimia 15 ya washiriki. Wawili! Rasimu mpya ya Januari 2025 inapendekeza washiriki 150 au zaidi, wenye rangi za ngozi zilizosambaa vizuri. Rasimu hiyo inahusu vifaa vya hospitali. Saa zinazouzwa kama bidhaa za mazoezi na afya njema haziko humo.

Matokeo yalionekana wazi Desemba 2020, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa kwenye jarida la tiba la New England. Waliwachukua wagonjwa ambao kifaa cha kidoleni kiliwaonyesha kati ya 92 na 96, namba ambazo muuguzi akiziona anapumua, kisha wakaangalia damu yao ya ateri maabara. Kwa wagonjwa weusi, vipimo karibu 12 kati ya 100 vilikuwa vya mtu ambaye oksijeni yake halisi ilikuwa chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe vilikuwa karibu 4 kati ya 100.

Hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali, vya kidoleni, kwa mgonjwa aliyelala kitandani. Saa ya mkononi inaanza na mazingira magumu kuliko hayo.

Angalia kosa lenyewe lilivyokaa. Mtu mzima mwenye afya na ngozi nyeusi atasomeka 97 badala ya 96, na hakuna atakayegundua wala kudhurika. Kosa linakua pale oksijeni inaposhuka kweli, ambapo mtu mwenye 86 anaweza kuonekana ana 90. Linajitokeza hasa siku ambayo kipimo kinahitajika.

Na vitu hivi viwili vikikutana? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walijaribu kuangalia ngozi nyeusi pamoja na mzunguko hafifu wa damu mkononi. Walikuta kosa la kuficha upungufu linakuwa kubwa zaidi vikiwa pamoja kuliko kila kimoja peke yake. Kwa hiyo usijiambie kwamba baridi inashusha namba, ngozi inapandisha, basi vinafidiana. Fujo ya kutetemeka huvuta namba kuelekea 85. Lakini mgonjwa aliyetulia, mwenye mikono ya baridi na mdundo dhaifu, anaweza kupewa namba nzuri isiyo yake.

Jiko la mkaa linavyoidanganya saa

Songea wakati wa kipupwe, wengi wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha. Hapa kuna hatari ambayo saa haiioni kabisa, wala kile kifaa cha kawaida cha kidoleni.

Mkaa ukiwaka mahali penye hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo inakaa kwenye hemoglobini mahali pa oksijeni na kung'ang'ania. Kwa macho ya taa nyekundu, hemoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo inafanana na yenye oksijeni. Mtu anaweza kuwa anaumwa kichwa, anatapika na kuishiwa nguvu huku saa ikisoma 98.

Kwa hiyo mikono usiipashe joto kwenye jiko ndani ya chumba kilichofungwa ili upate kipimo kizuri. Utapata kipimo kizuri kweli, lakini kwa sababu mbaya. Mtu akizidiwa ndani ya chumba chenye jiko, mtoe nje kwenye hewa safi na apelekwe hospitali, saa iseme inachosema.

Jinsi ya kupima ili namba iwe na maana

Ingia ndani, keti dakika tano hadi kumi. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, au iweke kwapani chini ya koti. Usipime hadi vidole viache ganzi.

Sogeza saa juu kidogo ya kifundo cha mkono, mbali na mfupa unaochomoza, na ukaze mkanda hadi isiteleze. Usikaze mpaka ukate damu. Mkono ulale juu ya meza, karibu na usawa wa moyo, na usiongee wala kuchezea simu hadi kipimo kiishe. Kama ngozi chini ya saa ina chale ya wino au piko nyeusi ya harusini, hamia mkono mwingine, kwa sababu rangi hiyo inaweza kuziba mwanga.

Sasa ifanyie saa mtihani. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wa pili na uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yalinganishe na mapigo ambayo saa inaonyesha. Zikipishana kwa zaidi ya 10, saa haijaushika mdundo wako, na kama haijaushika, namba ya oksijeni nayo haina msingi. Kama zinakaribiana, pima mara tatu kwa kupumzika dakika moja moja. Majibu kama 95, 96, 95 yanaeleweka. Ukipata 88, 97, 91 ujue bado kuna fujo.

Kwa saa za bei ya chini zinazouzwa madukani na mitandaoni kuna mtihani mwingine. Ifunge kwenye taulo lililokunjwa au chupa ya maji, kisha bonyeza `SpO2`. Ikikupa 97 au 98 kwa taulo, basi una saa ya kuangalia muda.

Dada yetu akifanya hivi, baada ya dakika kumi na chai moja, saa inasoma 95, 95, 96 na mapigo yanalingana. Ile 86 ilikuwa ya baridi. Ingebaki chini ya 92 huku mikono ina joto na mapigo yanalingana, angetakiwa kwenda kituo cha afya kupimwa na kifaa cha kidoleni siku hiyohiyo, hata kama anajisikia mzima.

Baba anakohoa, saa inasema 94

Sasa upande wa pili. Mzee wa miaka 65 ana siku nne za kikohozi na homa. Binti anamvisha saa yake, mikono ya mzee ina joto, mapigo yanalingana, na saa inasema 94, 93, 94. Mama anasema, "Si umeona, baba yako hajambo."

Binti aweke saa pembeni na ahesabu pumzi. Kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Ahesabu dakika nzima, bila kumwambia mzee, maana mtu akijua anahesabiwa hubadilisha anavyopumua. Tuseme anapata 32. Kwa mtu mzima mwenye kikohozi na homa, zaidi ya 30 kwa dakika ni dalili ya nimonia kali kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani.

Pumzi hazijali rangi ya ngozi. Hiyo 32 ina uzito kuliko ile 94, na mzee anatakiwa hospitali sasa hivi. Kipimo cha saa kinaweza kukosea kwa asilimia tatu au nne hata kikichukuliwa vizuri, na kwa ngozi nyeusi kosa hilo huelemea upande wa kumfanya aonekane mzima. Oksijeni yake ya kweli inaweza kuwa 90.

Aangalie pia ulimi na ndani ya midomo. Kwa mtu mweusi, rangi ya bluu au kijivu huonekana vizuri zaidi hapo kuliko usoni. Kama mzee hawezi kumaliza sentensi bila kukatisha kuvuta pumzi, amechanganyikiwa, au anasinzia isivyo kawaida, hakuna haja ya kupima kitu kingine.

Kuhusu watoto, usiwavishe saa ya mtu mzima kutafuta oksijeni. Haikutengenezwa kwa mikono yao. Hesabu pumzi mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa dakika kwa mwenye miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi kabla ya kufika mitano, ni kupumua haraka. Chini ya miezi miwili, mpaka ni 60. Kifua kikibonyea kwa ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, mpeleke.

Hospitali nako je?

Swali la haki ni hili: kama kifaa cha kidoleni nacho kina kosa hilohilo, kuna faida gani kwenda? Kwanza, ncha ya kidole inatoa mdundo wenye nguvu zaidi. Pili, vifaa vingi vya hospitali vinaonyesha wimbi la mdundo kwenye kioo, hivyo muuguzi anaona kama kipimo kimeshika au kinahangaika. Tatu, mtaalamu haangalii namba peke yake. Anasikiliza mapafu, anahesabu pumzi, na ana oksijeni ya kukuwekea.

Wewe mgonjwa au ndugu unaweza kusaidia. Futa rangi ya kucha. Kama mikono ya mgonjwa ina baridi kutokana na safari, sema, ili ipashwe joto au kipimo kirudiwe kidole kingine. Na kama mlipima nyumbani kwa saa, taja namba mlizopata kwa siku, siyo moja tu. Aliyekuwa anasoma 97 wiki nzima na leo anasoma 93 kwa saa ileile, mkono uleule wenye joto, ameshuka, hata kama 93 yenyewe haitishi mtu. Kosa la ngozi kwa mtu mmoja na saa moja halibadilikibadiliki sana siku hadi siku, kwa hiyo kushuka huko kunaweza kuwa na habari kuliko namba yenyewe.

Kampuni zenyewe hazifichi. Apple, iliyoweka kipimo hiki kwenye saa yake ya Series 6 mwezi Septemba 2020, inaandika kwamba vipimo hivyo si vya matumizi ya kitabibu, na kwamba baridi, mwendo na chale za wino vinaweza kuvizuia. Maneno hayo yapo kwenye maelezo ya matumizi, pale ambapo wengi hatufiki kwa sababu tumeshaivaa saa na kubonyeza.